SOLA AU STIMA YA NGUZO? HESABU YA MABOMA MAWILI YA KAJIADO

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeifanyia insha mara nyingi darasani. Leo tutaifanyia hesabu. Katika vijiji vyetu, kuanzia viunga vya Kitengela hadi Isinya, Il Bissil na Mashuuru, kuna swali linalozua mabishano kila jioni: je, mtu mwenye kipato kidogo aweke sola, au angoje nguzo za stima zimfikie? Wapo wanaosema sola ni ya watu waliokata tamaa, na wapo wanaosema stima ni ya matajiri wa mjini. Makala haya hayatachukua upande wowote kabla ya kupima. Tutatwaa maboma mawili ya mfano, tutayaita Boma A na Boma B, nasi tutapiga hesabu pole pole mpaka jibu lijitokeze lenyewe.

Bei nitakazoziita "za mfano" ni za kufanyia hesabu tu. Wewe ukifika nyumbani weka bei za dukani kwenu, kisha urudie hatua zile zile.

1. Umbali ndio hakimu wa kwanza

Mgeni anayepita barabara ya Namanga hushangaa. Pale Isinya pana kituo kikubwa cha umeme, na nyaya nene za voti 400,000 zinapita juu ya malisho ya ng'ombe. Upande wa Kajiado Magharibi kuna mashine za upepo za Kipeto, zilizoanza kazi mwaka 2021, zenye uwezo wa megawati 100. Lakini chini ya nyaya hizo hizo utakuta boma linalowasha koroboi. Mzee mmoja akauliza, "Mbona wasinishushie waya mmoja tu hapa?"

Jibu ni kwamba nyaya zile ni kama bomba kuu la maji lenye nguvu za kupasua mtungi. Nyumba inahitaji voti 240. Ili kutoka 400,000 hadi 240 umeme hupunguzwa kwa hatua kadhaa, na hatua ya mwisho hufanywa na transfoma ile ndogo tunayoiona juu ya nguzo karibu na shule, soko au zahanati. Kwa hiyo ukitaka kujua kama uko karibu na stima, usitazame nyaya kubwa zinazopita angani. Tafuta transfoma hiyo, kisha upime umbali wako kutoka hapo.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi unaojulikana kama Last Mile. Ada ya kuunganishiwa stima, ambayo ilikuwa shilingi 35,000, ikashushwa hadi 15,000 kwa walio ndani ya mradi, yaani walio katika mita 600 kutoka kwenye transfoma. Kipimo hicho cha mita 600 kina sababu zake. Stima ya voti 240 ikisafiri mbali kwenye waya, hupungua nguvu njiani. Anayeishi mwisho wa laini huona taa zake zikififia kila jirani anapowasha mashine ya kusaga au pampu ya kisima. Ukizidi umbali huo, inafaa laini ya voti nyingi iletwe na transfoma nyingine iwekwe, na gharama hiyo si ya mchezo.

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapotufaa. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 600 lina eneo la kilomita mraba 1.13, yaani kama ekari 279. Katika plotí za Kitengela mjini, ambako wengi wana thumni ya ekari, duara hilo laweza kubeba plotí zaidi ya 2,000. Lakini nenda kwenye mashamba ya ufugaji ambako familia moja ina, tuseme, ekari 100. Duara lile lile halitoshi hata familia tatu! Transfoma ni moja na gharama yake ni moja, ila huku itawafaa maelfu na kule itawafaa watu wawili watatu. Ndiyo sababu stima huenea upesi Kitengela, nayo hujikokota ikielekea nyika za Kaputiei. Wafugaji hawakusahauliwa kwa chuki. Nyumba zao ziko mbalimbali mno, na waya haupendi umbali.

Basi tuyaweke maboma yetu. Boma A liko mita 200 kutoka kwenye transfoma ya shule. Boma B liko mita 900 kutoka pale pale. Nguzo za kijijini huachana kiasi cha mita 50, kwa hiyo kulifikia Boma B kunahitaji nguzo kama 18, na hata zikisimikwa stima itafika ikiwa hoi.

2. Taa inakula kiasi gani?

Watu wengi huogopa bili ya stima bila kuipima. Tuipime. Kipimo chetu ni wati-saa: wati za kifaa mara saa kinazotumika. Wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja unayonunua kwa tokeni.

Boma A likiwa na balbu nne za wati 9 za kisasa, zikiwaka saa 4 kila usiku, hesabu ni 4 x 9 x 4 = wati-saa 144. Ongeza wati-saa 20 za kuchaji simu mbili, jumla ni 164 kwa siku. Kwa mwezi hizo ni kama uniti 5. Tukiweka bei ya mfano ya shilingi 22 kwa uniti pamoja na kodi zote, ni shilingi 110 kwa mwezi. Hiyo haifiki hata bei ya lita moja ya mafuta ya taa kwa bei yetu ya mfano ya shilingi 150.

Zamani kulikuwa na ada ya kila mwezi ya shilingi 150, ambayo ulilipa hata kama hukuwasha taa. Iliondolewa mwaka 2018. Kwa hiyo mwenye mita ya tokeni asipokuwa na pesa wiki hii, hanunui, na deni la matumizi halijengeki. Lakini jihadhari: aliyeunganishiwa stima kwa mkopo wa zile 15,000 hukatwa sehemu ya kila fedha anayonunulia tokeni mpaka deni liishe. Ndiyo maana jirani anaweza kutuma shilingi 100 akapata uniti chache kuliko zako, akadhani ameibiwa. Asome ujumbe wa tokeni vizuri, ataliona deni limeandikwa.

Sasa sola. Mwanzo wa biashara ya kulipa pole pole tunaujua: kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza nchini mwaka 2012. Mnamo 2016 seti yake ya paneli ya wati 8, yenye taa, tochi, redio na waya za kuchaji simu, ililipiwa amana ya shilingi 2,999, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Zidisha 50 kwa 365 upate 18,250; ongeza amana, jumla ni shilingi 21,249. Bei za leo zimebadilika, lakini mtindo wa kulipa kwa siku ungali upo, nasi tutautumia kama mfano wetu.

Paneli ya wati 8 ikipata saa 5 za jua kali huvuna wati-saa 40. Si zote zinazofika kwenye taa. Kiasi cha thuluthi moja hupotea kwenye joto, kwenye waya na katika kuingia na kutoka kwa betri. Zinabaki kama 27. Taa tatu za wati 1.5 kwa saa 4 zinataka 18, na simu mbili za kabambe zinataka kama 8. Jumla 26. Umeona? Inatosha, lakini kwa chupuchupu.

3. Miaka mitano ya Boma A na Boma B

Tuanze na Boma A. Kuunganishiwa stima 15,000. Fundi mwenye leseni wa kuweka waya, swichi na soketi katika nyumba ya vyumba viwili, bei ya mfano 12,000. Uniti za miaka mitano ni 110 x 60 = 6,600. Jumla shilingi 33,600. Likichukua sola badala yake, ni 21,249 pamoja na betri mpya mwaka wa nne kwa bei ya mfano 4,000, jumla 25,249. Kwa hiyo kwa miaka mitano sola ni nafuu kwa shilingi 8,351.

Msomaji atasema, "Basi mambo yamekwisha, sola imeshinda!" Hebu ngoja kidogo. Boma A kwa stima lina wati 36 za taa, na kwa sola lina wati 4.5. Mwanga wa stima ni mara nane. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne ataweza kusoma kwa taa ya sola akiisogeza karibu na daftari, lakini chumba kizima hakitang'aa. Tena familia ikinunua runinga ya wati 40 na kuitazama saa 3, inahitaji wati-saa 120 kwa siku. Mavuno ya ile seti ndogo ni 27. Runinga ya jioni moja ingemeza mavuno ya siku nne na zaidi. Kwa stima ni nyongeza ya uniti 3.6 kwa mwezi, yaani kama shilingi 79. Seti ya sola inayobeba runinga ipo, lakini inataka paneli na betri kubwa mara kadhaa, na bei nayo hupanda vivyo hivyo.

Kwa hiyo Boma A, ambalo liko mita 200, linafaa kulenga stima. Shilingi 27,000 za mwanzo ndizo nzito, kama mbuzi wanne hivi ikiwa mbuzi mmoja ni 7,000. Baada ya kuvuka mlima huo, njia ni tambarare.

Boma B nalo? Hapa stima si swali la bei tena, haipo. Wengine hujaribu kuvuta waya mwembamba kutoka kwa jirani, wakiupitisha juu ya miti ya migunga. Jambo hilo ni kinyume cha sheria, na ni hatari: waya ukikatika na kuangukia nyasi mbichi, ng'ombe ndiye wa kwanza kujua, au mtoto. Hata usipokatika, nguvu hupotea njiani.

Basi Boma B lipime sola dhidi ya koroboi. Mafuta lita 3 kwa mwezi ni 450. Kuchaji simu sokoni kwa shilingi 20, mara nane kwa mwezi, ni 160. Jumla 610 kwa mwezi, yaani 7,320 kwa mwaka. Sasa angalia jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi. Katika mwaka wa kulipa, sola inagharimu zaidi ya mara mbili ya koroboi! Faida huja baadaye. Gawanya 21,249 kwa 7,320, utapata karibu miaka 2 na miezi 11. Seti ikidumu miaka mitano, familia imepata faida. Ikifa mwaka wa tatu, familia imefanya kazi ya bure.

Tena pesa ya mfugaji haiji kila siku. Huja mbuzi akiuzwa, au maziwa yakiwa mengi. Ukame ule uliomalizika mwaka 2023 uliua mifugo wengi Kajiado. Seti ya kulipia kwa siku hujifunga usipolipa: jua linawaka, paneli inavuna, na taa haziwaki. Kwa boma la namna hiyo kuna njia ya tatu. Linunue kwa pesa taslimu taa ndogo mbili za sola, zile zenye betri ndani na tundu la kuchaji simu. Kwa bei ya mfano ya 3,500 kila moja ni shilingi 7,000, yaani mbuzi mmoja, pungufu ya gharama ya koroboi ya mwaka mmoja. Hakuna deni, hakuna kufungiwa. Mwaka ujao, malisho yakiwa mazuri, laongeza seti kubwa.

4. Taa ikizimika mapema, kosa ni la nani?

Malalamiko ya kawaida ni haya: "Sola yangu ilikuwa inafika saa tano usiku, siku hizi saa mbili tu giza." Kabla ya kumpigia fundi, chunguza mambo matatu kwa utaratibu.

Kwanza, ni mwezi gani? Kitengela na Kajiado huwa na mawingu na baridi Julai na Agosti. Tukihesabu saa 3 tu za jua, paneli ya wati 8 huvuna 24, na baada ya hasara zinabaki 16. Mahitaji yetu ni 26. Siku ya kwanza akiba ya betri itasaidia, lakini siku zikifuatana giza litaingia mapema. Hapo hakuna kilichoharibika. Punguza matumizi: taa moja ya kusomea saa 4 ni wati-saa 6, taa ya jikoni saa 2 ni 3, simu moja ni 4. Jumla 13, nayo yatosha.

Pili, tazama paneli yenyewe. Vumbi la barabara zetu laweza kuifunika mpaka ikageuka rangi. Ifute asubuhi, ikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji. Angalia pia kivuli. Tawi moja la mgunga likifunika pembe ya paneli, hasara yake ni kubwa kuliko ukubwa wa kivuli, maana vipande vya paneli vimeunganishwa kama mlolongo: kimoja kikilala, vinavuta vingine nyuma. Na paneli iwekwe juu ya paa, si kuegemezwa ukutani na kuhamishwa na watoto.

Tatu, kama jua limewaka siku tatu mfululizo, paneli ni safi, na taa bado zinazimika mapema, basi betri imechoka. Dalili yake nyingine ni kujaa haraka: kiashiria kinaonyesha imejaa kabla ya saa sita mchana, na jioni haidumu. Ni kama kibuyu kilichojaa mchanga. Hujaa upesi kwa maji machache. Kwa hiyo siku ya kununua, swali muhimu kwa muuzaji si "ina taa ngapi?" Muulize: "Betri ikifa, inauzwa peke yake, na wapi? Dhamana ni ya miaka mingapi, na imeandikwa?" Akijibu kwa kuzungukazunguka, funga mkoba wako, mwambie utarudi.

5. Taa ya zizi isichanganywe na taa ya nyumba

Huku kwetu taa si ya kusomea tu. Maboma yanayopakana na Mbuga ya Nairobi kwa upande wa kusini hupoteza ng'ombe kwa simba. Kijana wa huko, Richard Turere, alitambua akiwa mtoto kwamba simba huogopa taa inayosogea. Akatumia betri ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akafanya taa ziwake na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, simba akadhani kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi huo katika mkutano wa TED.

Wengine wameona hayo wakaunganisha taa za zizi kwenye seti ya nyumba. Piga hesabu: taa za zizi zikila wati 2 tu, lakini usiku kucha saa 12, ni wati-saa 24. Hiyo ni karibu mavuno yote ya siku! Mtoto atakosa mwanga wa kusoma, na kabla ya alfajiri, wakati ambapo mlinzi amelala, betri itakuwa imekauka. Taa za zizi zipewe paneli yake na betri yake. Hata Boma A lenye stima linahitaji hivyo, kwa maana stima hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na simba hasomi ilani za magazetini.

6. Jibu letu

Kwa hiyo tukirejea kwenye methali yetu, mbacha na msala hupimwa kwa miguu kwanza. Hesabu hatua kutoka kwenye transfoma. Ukiwa ndani ya mita 600 na una nia ya runinga au kazi ya mashine, weka akiba ya stima, na taa moja ndogo ya sola iwe ya dharura. Ukiwa nje ya mita 600, usikae na koroboi miaka kumi ukingoja nguzo. Anza na taa ndogo za pesa taslimu, uongeze kadiri mifugo inavyokupa. Na ikiwa ni lazima ulipe kwa siku, hakikisha betri itaishi zaidi ya miaka mitatu, la sivyo umemnenepesha muuzaji.

Maswali ya marudio

(a) Pima kwa hatua umbali wa kwenu kutoka kwenye transfoma iliyo karibu. Je, uko ndani ya duara?
(b) Familia ya Boma B ina taa mbili za wati 2 zinazowaka saa 5, na simu moja ya wati-saa 12. Je, paneli ya wati 8 itatosha mwezi wa Januari wenye saa 5 za jua? Na Julai wenye saa 3?
(c) Uliza nyumbani mafuta ya taa na kuchaji simu hugharimu kiasi gani kwa mwezi. Kisha utafute seti ya bei gani itajilipa kwa mwaka mmoja.

Atakayepata jibu la (b) alilete mkutanoni Ijumaa, tulipige msasa ubaoni.